"Naona Imepoa, Hebu Ichangamshe Kidogo"

Kila dizaina wa Dar es Salaam anazijua sentensi hizi, na kila aliyewahi kuagiza bango, kadi au lebo amewahi kuitamka mojawapo. "Naona imepoa." "Ichangamshe kidogo." "Iwe kali." "Iko vizuri, ila kuna kitu kinakosekana." Zinaingia kwenye simu saa nne usiku, moja leo, nyingine keshokutwa, kutoka kwa watu wanne tofauti, na kila moja inahesabiwa kuwa maoni ya ofisi. Mteja anaamini ametoa maelekezo. Dizaina hajui aguse rangi, herufi au picha, au afute yote aanze upya.

Hapa kuna matatizo mawili: maoni yanayodondoka kidogokidogo, na maoni yasiyoeleweka. Wengi huyatibu mbalimbali. Mimi naona ni ugonjwa mmoja, kwa sababu watu wakilazimika kukaa pamoja na kukubaliana kabla ya kutuma, wenyewe huulizana "imepoa kivipi?", na jibu likipatikana huko ndani dizaina hupokea kitu anachoweza kukifanyia kazi.

Tuchukue kazi moja ya kawaida tuifuate hadi mwisho. Tuseme kuna kampuni ndogo inayosindika siagi ya karanga na inataka lebo ya kopo la gramu 400. Ni stika inayozunguka kopo lote, urefu milimita 220 na kimo milimita 70. Ndani yake inabidi viingie jina la bidhaa, nembo ya kampuni, picha ya karanga, uzito, viambato, jedwali la lishe, tarehe, anwani ya mtengenezaji na msimbo pau, ile mistari inayosomwa na mashine kaunta. Wenye sauti ni mkurugenzi, ofisa masoko, mhasibu, na dada yake mkurugenzi aliyeianzisha biashara jikoni kwake na ambaye hadi leo ana hisa. Huyu wa mwisho hakutajwa kwenye kikao cha kwanza. Huwa hatajwi.

Jumatatu dizaina anaweka toleo la kwanza kwenye kundi la WhatsApp: herufi za hudhurungi juu ya krimu. Ofisa masoko anajibu papo hapo kwamba herufi ziwe nyekundu. Dizaina, kwa kutaka kuonekana mchapakazi, anabadilisha jioni ile ile. Jumanne mhasibu anafungua simu, anakutana na lile toleo la kwanza, anaandika kwamba rangi ni safi ila nembo ikuzwe. Nembo inakuzwa, lakini kwenye toleo jekundu. Jumatano mkurugenzi anauliza nani kasema nyekundu, kisha anaongeza kwamba hata hivyo imepoa. Alhamisi dada yake anarushiwa picha ya skrini, naye anataka karanga ziongezwe. Kufika Ijumaa kuna faili inayoitwa lebo_mwisho_kabisa_2.pdf na hakuna anayekumbuka ya kwanza ilikuwaje.

Hakuna aliyesema upuuzi katika wiki hiyo. Mhasibu alisifu rangi ambayo wakati huo ilikuwa imeshaondolewa. Ofisa masoko na mkurugenzi hawakuwahi kujua kwamba wanapingana, maana hawakupingana wao kwa wao, walipingana kupitia mgongo wa dizaina. Na dizaina naye amejikuta akiamua kesi kati ya watu wanaomlipa, jambo ambalo hana mamlaka nalo. Ukiniuliza kosa lilianzia wapi, nitakuonyesha ile Jumatatu jioni. Alipobadilisha rangi kwa neno la mtu mmoja, aliwafundisha wote kwamba maoni hutolewa muda wowote, na yeyote, na hayana gharama.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kazi hii, vinavyoandikwa mbali na kwetu, havilioni. Katika ofisi zetu mhasibu hampingi mkurugenzi mbele za watu. Bosi akishaandika "safi", wengine wanaweka kidole gumba na kunyamaza. Kutoridhika hakuishii hapo: baadaye mmoja anamtafuta dizaina pembeni, "kaka, usiseme nimekwambia, lakini ile nembo…" Kwa hiyo kundi la WhatsApp, ambalo linaonekana kama mahali pa kukusanya maoni, ndilo mahali yanapofichwa. Anahitajika mtu wa kumsikiliza kila mmoja kivyake, kisha kuleta jibu moja.

Mtu huyo anatafutwa siku ya kupatana bei, si siku ya kutuma kazi. Asiwe mkubwa kuliko wote, kwa sababu mkubwa hana muda. Anafaa yule anayeweza kuingia kwa mkurugenzi bila kuomba miadi. Katika kampuni yetu ni ofisa masoko. Kisha liulizwe swali ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko mkataba wa kurasa kumi: "Nani akisema hapana, kazi hii inasimama?" Hapo ndipo dada wa mkurugenzi anapojitokeza, siku ya kwanza, wakati bado hajavuruga chochote.

Kwenye karatasi ya bei inatosha kuandika hivi: "Bei hii ina raundi mbili za marekebisho. Raundi moja ni ujumbe mmoja, kutoka kwa mtu mmoja tuliyemtaja hapa, wenye maoni ya wote kuhusu toleo moja. Raundi ya tatu na kuendelea italipiwa kiasi hiki." Raundi mbili zinatosha lebo. Ya kwanza hushughulikia mambo mazito kama mpangilio na rangi, ya pili huhakikisha yaliyoombwa yamefanyika sawasawa. Kiasi cha raundi ya ziada kiandikwe kwa tarakimu. Mteja akikisoma wakati wa kupatana hakasiriki, atakiona kama kifungu kingine tu. Akikisikia kwa mara ya kwanza Ijumaa, toleo la tano, atajiona anaibiwa, na sitamlaumu.

Baada ya hapo kazi inatumwa, na namna ya kuituma hubadilisha kabisa maoni yatakayorudi. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Hii ni lebo, toleo la kwanza. Nimeituma kama PDF, na pia picha yake ikiwa kwenye kopo. Naomba uichapishe kwa saizi yake halisi kabla ya kuwaonyesha wenzako. Maoni ya wote naomba yaje kwako kwanza, nawe unitumie mara moja, Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Mkitofautiana, tafadhali malizaneni huko, kwani sijui nimsikilize nani. Nahitaji majibu ya maswali matatu: jicho lako linaanza kutua wapi? Kuna taarifa yoyote iliyokosewa au inayokosekana? Kuna kitu ambacho mteja wenu wa dukani hatakielewa?"

Zingatia kwamba hajauliza "mnaionaje?" Swali hilo ndilo linalozaa "imepoa", maana mtu akiulizwa anavyojisikia atajibu anavyojisikia. Zingatia pia kwamba ametuma toleo moja. Kuna mazoea ya kupeleka matatu ili mteja achague, na matokeo yake karibu kila mara ni kuagizwa kichwa cha la kwanza, rangi ya la pili na picha ya la tatu. Mwaka 1986 Steve Jobs alipomwendea Paul Rand amtengenezee nembo ya kampuni yake mpya ya NeXT, aliomba apewe machaguo kadhaa. Rand alikataa, akaleta nembo moja pamoja na kijitabu kinachoeleza sababu za kila uamuzi, akalipwa dola 100,000. Sisi wa kawaida hatuwezi kumjibu mteja vile tukabaki na kazi. Ila kile kijitabu, hata kikiwa aya moja ya sababu, kinaigika.

Alhamisi jioni ofisa masoko analeta orodha ya mambo saba. Kabla ya kugusa kompyuta, dizaina anayapa namba na kuyagawa mafungu mawili: makosa na machaguo. Uzito umeandikwa gramu 450 badala ya 400, hilo ni kosa. "Viambato" imekosewa tahajia, kosa. Onyo kwa wenye mzio wa karanga halimo, hilo ni kosa zito kuliko yote. Makosa hurekebishwa saa yoyote, hata nje ya raundi, na kama yametokana na dizaina hayalipiwi. Machaguo, kama nembo kukuzwa au rangi kubadilishwa, ndiyo yanayokaa ndani ya raundi. Mgawanyo huu huondoa ugomvi mwingi, kwa kuwa mteja huogopa kwamba akikubali raundi mbili atafungiwa mlango hata akiona simu yake imeandikwa vibaya.

Kwenye orodha namba 3 inasema herufi ziwe nyekundu na namba 5 inasema rangi isiguswe. Dizaina hachagui. Anazirudisha zote mbili: "Namba 3 na 5 zinapingana. Mimi napendelea 5 kwa sababu hii. Naomba jibu moja." Ana haki ya kushauri, na ashauri kwa nguvu, lakini anayeamua ni wao. Namba 6 inataka msimbo pau uwe mwekundu ufanane na lebo. Hiyo inakataliwa na sababu inatolewa: mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari myekundu huonekana sawa na karatasi nyeupe, kwa hiyo kopo halitasomeka dukani. Mteja akipewa sababu ya aina hiyo habishani. Akiambiwa "haipendezi" atabishana hadi kesho.

Imebaki namba 7, ya mkurugenzi: imepoa, ichangamshwe.

Tusimcheke. Mteja akimwambia fundi cherehani "inabana", fundi hakasiriki kwamba hakuambiwa sentimita ngapi. Anauliza inabana wapi, kwapani au kiunoni, anashika utepe na kupima. Mkurugenzi ameona kitu cha kweli, ila hana jina lake. Na pengine ana jina lake lakini ni mstaarabu. "Imepoa" kwetu ni njia ya adabu ya kusema "sijaipenda". Anayeijibu kwa kumwaga rangi tatu zaidi na kivuli nyuma ya herufi amebahatisha dawa bila kupima.

Maswali ya kupima ni machache. Uliiangalia wapi? Jicho lilitua wapi kwanza? Unailinganisha na ipi? Swali la kuepuka ni "unataka rangi gani?", kwa sababu hapo mteja anajitungia dawa mwenyewe. Dada wa mkurugenzi ameshafanya hivyo anaposema karanga ziongezwe. Naye anaulizwa kwa upole: "Dada, ulipoiangalia ulihisi nini kinakosekana?" Anajibu kwamba mtu akiwa mbali hajui ndani kuna nini. Hilo ni tatizo la kweli, na karanga nyingi zaidi huenda zisilitatue.

Mkurugenzi naye anajibu kwamba aliiona kwenye simu, akakumbuka kopo la washindani alilokuwa ameliona dukani jana yake. Majibu hayo mawili yanafungua mambo. Kwenye simu, lebo ya milimita 220 imebanwa ikatosha kiganjani, kila kitu kimekuwa kidogo na cha ukubwa mmoja. Tena picha iliyorushwa kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa ikapoteza ukali wake. Kazi itumwe kama faili. Na rangi za simu ni mwanga, wakati rangi za karatasi ni wino. Machungwa au kijani kinachowaka kwenye skrini hakiwezi kuwaka vile kwa wino wa kawaida, na mwangaza wa simu ukipunguzwa kila kazi duniani itaonekana imepoa. Mtu anayetoa hukumu ya rangi kwa kuangalia simu, usiku, kitandani, anatoa hukumu juu ya simu yake.

Kwa hiyo lebo inachapishwa kwa saizi halisi, inazungushiwa kopo, kopo linapelekwa dukani na kuwekwa katikati ya makopo mengine mawili. Mkurugenzi, ofisa masoko na dizaina wanarudi nyuma hatua tatu na kufinya macho. Hapo ndipo ugonjwa unapoonekana, na haukuwa rangi. Stika ya milimita 220 ikizunguka inafanya kopo lenye kipenyo cha milimita 70 hivi. Anayesimama mbele yake anaona nusu ya mzunguko, yaani milimita 110, na hata hizo za pembeni zinapinda na kujificha. Sehemu inayosomeka vizuri kwa mtazamo mmoja ni kama milimita 70 za katikati. Jina "Siagi ya Karanga" lilikuwa limetandazwa kwa mstari mmoja wa milimita 130. Kwenye kompyuta, lebo ikiwa bapa, lilionekana limetulia. Rafuni mtu anaona "gi ya Kara".

Kipimo cha pili hakihitaji hata kwenda dukani. Picha ya lebo inageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Kama herufi zinazama ndani ya rangi iliyo nyuma yake, maana yake rangi hizo mbili zina uzito mmoja wa giza na mwanga, na jicho haliwezi kuzitenganisha kwa mbali hata zikiwa na majina tofauti. Hudhurungi ile hafifu juu ya krimu ilizama. Nyekundu ya ofisa masoko ilijaribiwa pia. Kwa kuwa ilikuwa nyekundu iliyopauka ili ioane na krimu, nayo ikazama vilevile. Wangebishana juu ya rangi mwezi mzima na lebo ingebaki imepoa.

Toleo la pili halikuongezewa kitu. Jina limekatwa mistari miwili na kukaa ndani ya zile milimita 70. Nyuma yake pamewekwa mkanda wa hudhurungi iliyokolea na herufi zikawa krimu, yaani rangi zilezile zimebadilishana nafasi. Maneno matatu ya sifa yaliyozunguka jina yamehamishiwa ubavuni, karibu na viambato. Picha ya karanga imebaki ileile, ila imesogezwa chini ya jina ili vionekane pamoja. Dada wa mkurugenzi hakuuliza tena habari ya kuongeza karanga. Nembo ilikuzwa kidogo kama mhasibu alivyotaka, kwa kuwa nafasi ilipatikana.

Raundi ya pili ilirudi na maoni mawili, yote madogo. Baada ya hapo mkurugenzi alisaini nakala iliyochapishwa na kuandika tarehe. Sahihi hiyo si urasimu. Kwenye mashine ya ofseti kila wino una pleti yake, na kazi ya rangi nne hutumia pleti nne. Mtu akibadilisha namba ya simu iliyoandikwa kwa wino mweusi mtupu, huenda pleti moja tu ikarudiwa. Akibadilisha ule mkanda wa hudhurungi, ambao umechanganywa kwa wino zaidi ya mmoja, pleti kadhaa zinatupwa, na kama karatasi zimeshapita mashineni nazo zinatupwa.

Njia hii ina mipaka yake. Haifai tangazo la msiba linalotakiwa baada ya saa mbili. Hapo pokea simu, rekebisha, tuma. Kwenye kadi za harusi inafaa lakini kwa taabu, kwa sababu kamati ya harusi ina watu kumi na tano na kila mmoja anaona amechanga, kwa hiyo ana neno. Mkubaliane na mwenyekiti wa kamati au bibi harusi mwenyewe, mmoja kati yao, basi. Wakati mwingine pia mteja anaposema imepoa, imepoa kweli: dizaina amechoka, amechukua mpangilio wa kazi ya zamani akabandika jina jipya. Kipimo cha rafu kitamuumbua haraka kuliko mteja. Na raundi mbili zikipita huku maoni bado ni ya ukungu, ujumbe mwingine hausaidii. Fungeni safari mkakae meza moja na kopo katikati, maana kwa kawaida hapo kuna mtu ambaye bado hajasema lililo moyoni.

Kwa wewe unayeagiza kazi: kabla hujaandika "ichangamshe", ichapishe kwa saizi yake, ipeleke mahali itakapotumika, kisha mwandikie dizaina jicho lako lilipotua na lilichokosa. Na kama kuna dada, mfadhili au mwenyekiti ambaye neno lake linaweza kusimamisha kazi, mtaje siku ya kupatana bei. Akijitokeza baada ya pleti kuchomwa, gharama ni yako.